Nyie mnaomwaga linki za "mechi bure HD" kwenye magrupu, mmenitia hasara

Kapteni_Mbagala: Wakuu, nimejaa. Jumamosi bando ninalo, TV sina, mdau katupa linki kwenye grupu la wasap eti dabi iko laivu bure. Nafungua: picha ya uwanja, na alama kubwa ya kuchezesha katikati. Naigusa, linafunguka tangazo la kubeti. Narudi, naigusa tena, safari hii mganga wa mapenzi. Mara ya tatu ukurasa ukaniambia nibonyeze Allow kuthibitisha mimi si roboti. Nikabonyeza. Halafu eti kichezeo changu kimepitwa na wakati, nishushe `player_update.apk`. Chrome ikanionya faili linaweza kuwa na madhara, mimi huyo nikabonyeza Download anyway, maana kona ilikuwa inapigwa!

Mechi sikuiona. Usiku kucha simu inalia: "Simu yako ina virusi 13". Asubuhi salio la 4,300 limekwenda, na kwenye meseji zilizotumwa kuna namba sizijui kabisa. Fundi mmoja kala 15,000 "kutoa virusi", kumbe kaniwekea tu programu ya kusafisha simu. Kelele ziko palepale.

bi_Zuhura: Pole mwanangu. Ungekwenda kibanda umiza kwa buku lako.

Zungu_la_Unga: Kosa lako hukuangalia kufuli pale juu kwenye anwani. Tovuti yenye kufuli haina shida.

fundi_wa_usiku: Zungu, hapana. Kufuli maana yake njia kati ya simu yako na tovuti imefungwa, mtu wa katikati hachungulii. Mwenye tovuti akiwa mwizi, kufuli anapata bure kama mtu mwingine yeyote.

Kapteni, una matatizo mawili na fundi wako kayachanganya. Hizo kelele za virusi 13 si virusi. Ni ile Allow yako: uliruhusu tovuti ikutumie taarifa, sasa inakutumia matangazo yenye sura ya onyo. Chrome, nukta tatu, Settings, Site settings, Notifications. Tafuta jina usilolijua, lizime. Na usiguse tangazo lenyewe, litakupeleka kushusha uchafu mwingine.

La kuogopa ni lile faili. Ulipoliweka, liliomba nini?

Kapteni_Mbagala: Liliomba meseji. Halafu likanipeleka kwenye Accessibility, niwashe "ili video icheze". Nikawasha. Sasa nikitaka kulifuta, ukurasa unajifunga wenyewe.

fundi_wa_usiku: Basi ndiyo hiyo. Mwenye Accessibility anasoma kilichoko kwenye kioo na anabonyeza badala yako, ndiyo maana ukifika kwenye Uninstall anakurudisha nyuma. Mwenye meseji anasoma hata zile namba za uthibitisho za benki. Zima data na waifai sasa hivi. Washa simu kwa Safe mode. Kwa simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia, halafu unashikilia neno la kuzima kwenye kioo mpaka liulize. Humo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo itafutika. Ikigoma, angalia kama ulishaipa usimamizi wa simu kule kwenye Device admin apps, iondoe kwanza. PIN ya pesa badilisha ukitumia simu NYINGINE, na piga mtandao wako uwaeleze.

Simu yako inacheza video tangu ulipoinunua. Tovuti ikikutaka uweke programu ndipo utazame, toka.

Zungu_la_Unga: Sasa sisi tusio na kisimbuzi tutazame wapi?

fundi_wa_usiku: Anza na swali la nani kanunua haki. Ligi Kuu Bara ni Azam, mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021. Kwa hiyo kwenye simu ni AzamTV Max, ishushe Play Store na usome jina la mtengenezaji, maana majina ya kufanana ni mengi. Ni ya kulipia, sikufichi. Ukikuta ukurasa una Ligi Kuu, Uingereza na Hispania zote bure bila hata kujisajili, jiulize huyo bwana anakula wapi. Magoli baadaye yapo bure kwenye chaneli rasmi za YouTube.

mjomba_Ilala: Mimi nilinunua kiboksi Kariakoo, chaneli 8,000, nikalipia mwaka. Mwezi wa tatu kikazima na muuzaji hapokei simu. Nacho kinaweza kuniibia?

fundi_wa_usiku: Mjomba, kichomoe kwenye waifai kwanza. Vingine vya Android visivyo na jina hutoka kiwandani na mdudu ndani. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vyenye mdudu kama huo. Chako sijakiona, siwezi kuapa.

mjomba_Ilala: Na hela zangu je?

Kapteni_Mbagala: Safe mode imekubali, limefutika! Mtandao wanasema zile 4,300 hazirudi. Aliyetupa linki kajitoa kwenye grupu, mwenye namba yake anitafute inbox.