Naomba ushauri: uhuru wa lengo na uhuru wa nyenzo wa benki kuu

Habari wanajamvi, nimekwama kwenye insha yangu kuhusu uhuru wa lengo, yaani benki kuu kujiwekea lengo yenyewe, na uhuru wa nyenzo, yaani kuchagua tu njia ya kulifikia. Uingereza, waziri wa fedha ndiye anayeweka lengo la mfumuko wa bei, asilimia 2. Benki Kuu inaamua riba tu. Mfumuko ukipishana na lengo kwa zaidi ya pointi 1 ya asilimia, juu au chini, gavana anamwandikia waziri barua ya kujieleza. Hapo uwajibikaji naushika.

Benki Kuu ya Ulaya ndiyo inanitatiza. Mkataba wa Umoja wa Ulaya unasema "utulivu wa bei" bila tarakimu. Asilimia 2 imeiweka yenyewe, na mwaka 2021 ikaibadilisha tafsiri yake. Nimepitia mkataba, bado sijaridhika.

Je, huo ni uhuru wa lengo au nusu yake? Na anayejiwekea kipimo mwenyewe, bunge litamhukumu kwa kipimo gani?