Shoti ya hosteli inazima chuo kizima, nipandishe TMS ya breka kuu?

FundiFida: Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha umeme chuoni. Laini yetu ni 11 kV, fida moja tu: breka kuu iko getini, kebo kama mita 900, kisha chumba cha swichi cha hosteli chenye breka yake. Rilei zote mbili ni za kidijitali, mkunjo IEC SI. Kuu ina Is 200 A, TMS 0.1. Hosteli ina Is 80 A, TMS 0.1. Jumanne kebo ya transfoma ya hosteli imepiga shoti na breka zote mbili zikafunguka pamoja. Chuo kizima giza, watu wa maabara wamenilaani. Nataka kupandisha ya kuu iwe 0.3. Kesho asubuhi nina kikao, naombeni ushauri.

BabaTumaini: Mdogo wangu, mambo ya 11 kV hayaulizwi mtandaoni. Tafuteni injinia aliyesajiliwa.

Kikwapa_cha_Nguzo: Wanafunzi wenyewe wanashukuru, mitihani imesogezwa 😂

DogoPaneli: Washa I>> kwenye rilei zote mbili, shoti ikatwe papo hapo. Habari imeisha.

MzeeSwichigia: Dogo, ya hosteli sawa, ikikaa juu ya mkondo wa kuwashia transfoma. Ya kuu hapana. Mita 900 za kebo hazipunguzi shoti kiasi cha rilei kujua imepiga hapa au kule, itazima chuo kama Jumanne. FundiFida, rekodi za tukio zinasomaje? Na hiyo TMS sawa kotekote ina muda gani?

FundiFida: Miaka minne, na hosteli ilikuwa inakata peke yake bila shida. Rekodi ya kuu ni 1,611 A. Ya hosteli ni 806 A.

Mpekuzi_Namba1: Hii chai. Fida moja, shoti moja, kebo ileile, halafu huku 1,611 kule 806? Nusu iliyobaki imeshukia wapi, kituo cha daladala? Huyu kapewa zoezi na mwalimu, anataka tumfanyie.

MamaGesti: Kwangu gesti pia breka ya mita inaruka nikiwasha hita mbili. Nayo nipandishe TMS?

MzeeSwichigia: Mama, yako punguza hita. Mpekuzi, angekuwa anatunga angetunga namba zinazofanana. Nusu kamili hivyo ni CT. FundiFida, nani kagusa CT za hosteli?

FundiFida: Mzee, sikuona kama inahusika. Mwezi uliopita CT za 100/1 ziliungua, stoo zilikuwepo 200/1 tu. Nisingeweza kuacha hosteli gizani wiki tatu. Rilei sikuigusa, paswodi anayo kontrakta.

MzeeSwichigia: Inahusika kuliko yote uliyoandika. Setingi yako ni 0.8 ya ampia moja. Kwa CT ya 100/1 ilikuwa 80 A, sasa ni 160 A. Ya shoti ya ardhini nayo imejizidisha mara mbili. Fuata hii:

```
t = TMS × 0.14 / ((I/Is)^0.02 − 1)
```

Kwa 1,600 A, zamani hosteli ilikata kwa sekunde 0.23 na kuu kwa 0.33. Nafasi ya 0.10, na breka ya vakyumu peke yake inakula kama 0.06. Miaka minne mmeishi kwa bahati. Sasa hosteli inachukua 0.30, nafasi imebaki 0.03. Kabla breka ya hosteli haijamaliza kufunguka, kuu imeshaamua.

DogoPaneli: Kwa hiyo 0.3 yake iko sahihi?

MzeeSwichigia: Inategemea aliye juu yake. Rilei ya shirika la umeme inakata kwa muda gani?

FundiFida: Karatasi yao inasema 0.85 kwa mkondo huohuo.

MzeeSwichigia: Ukiweka 0.3 unakata kwa 0.99. Wao watakutangulia na mtaa mzima utazima kwa kebo ya hosteli. Rudisha hosteli 80 A kwa kuweka 0.4 pamoja na uwiano 200/1, halafu kuu iwe 0.16. Hapo inakata kwa 0.53: chini unapata 0.3, juu kidogo zaidi. Kama 1,600 ndiyo shoti kubwa kabisa pale. Wamekuthibitishia?

FundiFida: Hilo sijauliza. Ila bosi ameshasaini 0.3, nikirudi na 0.16 nitaonekana sijui kazi. Si bora niweke 0.2 kwa sasa mpaka paswodi ipatikane?

MzeeSwichigia: 0.2 ni sekunde 0.66. Na hosteli utakaa sawa, na shirika umebakiza 0.19. Mimi nisingeisaini.

Mpekuzi_Namba1: Nafuta neno chai. Lakini baada ya kubadili CT, nani aliipima rilei kwa kuiingizia mkondo?

FundiFida: Kontrakta hapokei simu tangu saa kumi.

Kikwapa_cha_Nguzo: Jaribu sifuri nne mkuu.

FundiFida: Nimeshajaribu.