Tupeane uzoefu: mwenzako akikuomba umsomee imeili kabla hajaituma, unamwambiaje asinune?

Mama Kontena
Wakuu, habari za jioni. Niko ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar. Wiki jana Jumanne kijana wa meza ya jirani aligeuza skrini akaniambia, "Dada, hebu nisomee hii kabla sijaituma." Mteja wake ni wa vifaa vya hoteli. Kontena limeshashuka, orodha ya vifungashio haijaonekana, na siku za bure za kontena zilikuwa zinaisha Ijumaa tarehe 14. Kichwa cha imeili kilikuwa "MUHIMU!!!" na ndani ameandika hivi:

"Kwa mara ya tatu nakukumbusha kuwa hamjatuma orodha ya vifungashio, pamoja na kwamba tuliwaeleza umuhimu wake tangu mwanzo. Mkiendelea hivi, gharama zikija msije mkatulaumu. Naomba mlifanyie kazi mapema iwezekanavyo."

Kabla ya yote nilimwambia afute anwani ya mteja pale juu, maana kidole huteleza. Halafu sikumwambia kuwa imeili ni kali. Nilimuuliza tu, akimaliza kusoma, unataka afanye nini na lini? Akajibu palepale: "Anitumie ile orodha kesho kabla ya saa 6 mchana, niiingize kwenye mfumo siku hiyohiyo." Nikamwambia hiyo sentensi uliyonitamkia sasa hivi haimo humu. Akaangalia skrini, akacheka mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. "Hamjatuma" tukaibadili kuwa "hatujapokea", kwa sababu ya kwanza ni shutuma na ya pili ndiyo tunayoijua kwa hakika. "Msije mkatulaumu" ikatoka, ikaingia habari yenyewe: kuanzia Jumamosi wenye meli wanatoza kwa kila siku. Nilitaka pia "kwa mara ya tatu" iondoke, akanikatalia. "Dada, hii ibaki, bosi wao akiisoma aone tumefuatilia tangu lini." Nikaona ana hoja, ila tukaiweka kwa tarehe. Iliyotoka ni hii, kichwa "Orodha ya vifungashio inahitajika Jumatano tarehe 12":

"Habari za asubuhi. Hadi sasa hatujapokea orodha ya vifungashio ya kontena lenu. Tunaomba mtutumie kesho Jumatano tarehe 12, kabla ya saa 6 mchana, ili tukamilishe taratibu kabla siku za bure hazijaisha Ijumaa tarehe 14. Kuanzia Jumamosi kutakuwa na tozo ya kila siku. Tuliwaandikia pia tarehe 5 na tarehe 7."

Akasema, "Asante dada, nilikuwa nimeiva kweli," akaituma. Nyie mnafanyaje huko kwenu?

Mzee wa Faili
Vijana mnapoteza heshima ya barua. Dawa ni salamu ndefu na samahani. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu, anza na "samahani kwa usumbufu", malizia na "samahani kwa usumbufu utakaojitokeza". Hakuna aliyewahi kuninunia.

Kalamu Nyekundu
Mzee wangu shikamoo. Kwenye salamu niko nawe, imeili inayoanza na dai bila hata "habari" inasomeka kama mtu aliyeingia bila hodi. Kwenye samahani hapana. Aliyechelewa ni mteja, wewe ukiomba radhi mara mbili anaanza kujiuliza kosa ni la nani, na ile tarehe 12 inazama katikati ya adabu.

Nimekuwa katibu muhtasi miaka 19, rasimu za watu nimezisoma hadi za barua za kuacha kazi. Mama Kontena, umeona kitu kimoja umekirekebisha bila kukitaja? Kijana ameanza na "nakukumbusha", akarukia "hamjatuma". Anasema na mtu mmoja au na kampuni nzima? Msomaji hajui kama analaumiwa yeye au ofisi yake. Mtu mwenye hasira huchanganya u na m hivyo bila kujijua. Mimi nikikutana nayo huwa sisemi "umekosea", namuuliza "hapa unaongea na nani?" Akishajibu, sentensi zinajipanga.

Jina langu la humu ni la zamani, kalamu yenyewe nilishaitupa. Mwaka wangu wa kwanza mwenzangu alinipa imeili ya aya mbili, nikamrudishia nimeiandika upya yote, hadi "kuwa" zake nikazifanya "kwamba". Akashukuru vizuri sana, akaituma kama nilivyoiandika. Hakuniletea tena nyingine mpaka alipohama. Siku hizi nagusa yale tu ambayo mpokeaji atayaelewa vibaya. Mengine ni ladha yake, na imeili ni yake.

Dogo wa Ruiru
Hii thredi imekuja wakati mzuri. Mdosi wangu anataka kila imeili nimwonyeshe kabla ya kutuma, hata ya kuagiza karatasi. Hiyo ni haki kweli?

Kalamu Nyekundu
Pole mdogo wangu, lakini hiyo ni kesi nyingine. Hapa tunaongelea mtu aliyeomba mwenyewe.

Dogo wa Ruiru
Sawa. Lakini mimi nikirudishiwa bila maelezo ndipo huwa naudhika. Anapiga mstari tu. Sijui kama ni makosa au ni hataki.

Bi Mkunazini
Mie niko Unguja, mambo ya wageni. Kuna bi mkubwa ofisini, umri wa mama yangu, alikuwa anawaandikia kikundi kinatoka Nairobi: "Tutawapokea bandarini Jumamosi ijayo saa 3." Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ijayo ni keshokutwa au ya wiki ya pili? Na saa 3 ni ya asubuhi, ya usiku, au mtu kaisoma kama kwenye simu yake, ikawa saa 9 alasiri?

Sasa utamsahihishaje mtu unayemwamkia? Nilimwambia, "Mama, mie nimesoma hapa nikapotea, ni saa tatu ipi?" Nikajifanya mgeni mwenyewe. Akaisoma tena kwa sauti, akasema "Hewaa!" Akaandika tarehe, akaandika "saa 3 asubuhi, yaani 9:00". Tangu siku hiyo akiandika muda huniita: "Njoo mgeni wangu, utapotea hapa?"

Mzee wa Faili
Hilo la saa nalikubali. Ila hamjasema la Cc. Bosi wa mteja angewekwa tangu imeili ya kwanza, orodha ingefika tarehe 5 ileile.

Kalamu Nyekundu
Ya kwanza hapana, mzee wangu. Ukimweka bosi wake mapema umemshtaki kabla hajakosa, na neno laini lolote utakaloandika halitasaidia.

Mama Kontena
Kwenye Cc hata sisi tulibishana, hatukuafikiana. Ila niwape mrejesho. Mteja alijibu ndani ya saa moja. Orodha waliituma tangu tarehe 6, kwenye anwani ya mfanyakazi wetu aliyekwishaacha kazi. Yule kijana aligeuza kiti akaniangalia, akasema neno moja tu: "Hamjatuma."

Jana nami nikampa yangu anisomee, nikijua ni safi. Akaniuliza, "Dada, aya hii ya kwanza ni ya mteja au ni ya kujitetea?" Nilikaa kimya kidogo, nikanywa maji. Halafu nikaifuta yote, nikabakisha salamu.

Mzee wa Faili
Na bosi wake ulimweka kwenye Cc?