Naomba ushauri: kitalu cha miche cha kikundi chetu kimekwama

Habari zenu wakuu. Sisi ni vijana 14 hapa Muheza, Tanga, na kwenye kikundi tuna shilingi 18,000 tu. Tukaona tuanze na kitalu cha miche ya mipapai, maana mbegu tunakamua wenyewe kwenye mapapai ya nyumbani. Viriba hatukununua: tuliokota pakiti za maziwa, tukazitoboa chini kwa msumari wa moto.

Udongo tulichanganya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi na moja ya mchanga. Mbegu tuliziosha ule utelezi wake, zikaota vizuri baada ya wiki mbili hivi. Kisha asubuhi moja tukakuta miche imelala. Shina limenywea pale linapogusa udongo, kama limebanwa na uzi, ila majani bado mabichi. Katika pakiti 200 tumebaki na 60.

Mzee mmoja jirani anasema ni kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la miche michanga. Nakiri samadi ilikuwa bado mbichi, na tulikuwa tunamwagilia asubuhi na jioni (kila mwanachama na zamu yake, hakuna aliyetaka kuonekana mvivu). Sasa tunamwagilia asubuhi tu, na kivuli tumekipunguza.

Naomba kujua mambo mawili. Udongo ule tukiuanika juani au kuukaanga kwenye debe, unafaa tena? Na kwa mtaji huu, tuendelee na mipapai au tuhamie miche isiyosumbua hivi?