Tupeane uzoefu: mlijuaje slaidi zimeacha nini kwenye silabasi?

BintiLikoni: Nasomea usafirishaji wa meli hapa Mombasa. Slaidi za bima ya baharini naziona zina mapengo. Wenzangu mliyatambuaje, na mhadhiri mlimpelekea nini?

MkaaKipevu: Mimi hufungua slaidi, nabonyeza Ctrl+F, naandika mada ya kwenye silabasi. Ikitokea, imefundishwa. Isipotokea, hilo ndilo pengo.

TichaMsaidizi: Kaka, hapo utapata zisizotajwa kabisa, lakini zilizotajwa juu juu zitakupita. Mimi hutazama kitenzi. Silabasi yetu ilisema mwanafunzi aweze *kukokotoa* mchango wa kila upande katika hasara ya pamoja. Slaidi ilikuwa moja tu, maana ya hasara hiyo na picha ya meli kwenye dhoruba. Neno lipo, hesabu haipo. Niliorodhesha kama pengo, pembeni nikapendekeza mfano huu:

Meli ina thamani ya dola milioni 6, shehena yote milioni 4. Nahodha anatosa baharini mzigo wa dola 500,000 ili kuokoa chombo na vilivyobaki. Hasara ni asilimia 5 ya milioni 10, kwa hiyo mwenye meli anachangia 300,000 na wenye shehena 200,000.

BintiLikoni: Na huyo aliyetoswa mzigo wake, naye anachangia?

TichaMsaidizi: Ndiyo, dada, na hapo ndipo wengi hukosea. Anachangia 25,000 kama wenzake, kwa hiyo mkononi anapata 475,000. Asingechangia, angetoka mzima huku wengine wote wamepungukiwa. Ndiyo maana niliomba slaidi mbili: ya hesabu, na ya kueleza lini hasara huitwa ya pamoja. Hatari iwe ya kweli, na mzigo utoswe kwa makusudi kwa usalama wa wote. Kontena likichukuliwa na wimbi lenyewe, mwenyewe anabaki na hasara yake.

Nyali_Mwisho: Wetu yeye hakuja darasani karibu mwezi mzima! Slaidi zimekamilika, mtu wa kuzieleza ndiye hayupo. Nimlalamikie nani?

TichaMsaidizi: Pole sana, lakini hilo ni la mkuu wa idara. Orodha ya mada haitakusaidia.

MkaaKipevu: Basi nimepata langu. Slaidi zetu za hasara ya pamoja zinafuata Kanuni za York-Antwerp za 1994, na kuna za 2016. Niandike kwamba amekosea?

TichaMsaidizi: Usiandike hivyo. Kanuni zinazotumika ni zile zilizotajwa kwenye mkataba wa usafirishaji, na ipo mikataba inayotaja za 1994. Omba aongeze slaidi moja ya kilichobadilika 2016.

BintiLikoni: Nimpelekee mwenyewe au nipitie kwa kiongozi wa darasa?

MkaaKipevu: Kiongozi. Ukienda peke yako utaonekana unamsahihisha.

TichaMsaidizi: Mimi nilikwenda mwenyewe, karatasi ya ukurasa mmoja, kila pengo na nambari ya slaidi yake. Ya hesabu aliiongeza wiki iliyofuata. Ile nyingine hajaigusa hadi leo.