Kugawa bei ya kifurushi: mashine inatozwa kodi, mafunzo hayatozwi. Naombeni ushauri wa haraka

SindanoNaUzi: Wakuu habari. Nauza cherehani pamoja na mafunzo ya kushona, masomo nane, kwa bei moja: 900, kodi ikiwa ndani. Cherehani ina kodi ya asilimia 20, mafunzo yamesamehewa. Kwenye ankara natenganisha mistari miwili. Je, naruhusiwa kugawa ninavyotaka, mradi jumla ibaki 900? Naomba jibu leo, sijalala.

BibiHesabu: Weka yote kwenye kodi ulale. Mafunzo ni nyongeza tu ya mashine.

ChaiYaSaaNne: Mimi nina saluni. Mteja akinunua mafuta namsuka kwa punguzo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Ila mteja mmoja alirudisha chupa tupu akasema hayajamfaa!

Mzee_wa_Leja: BibiHesabu, ungekuwa sahihi kama "mafunzo" ni nusu saa ya kumwonyesha mtu namna ya kutunga uzi. Hiyo inafuata mashine. Masomo nane ni kitu ambacho mtu angeweza kukinunua peke yake. SindanoNaUzi, unauza mashine bila mafunzo? Na mafunzo bila mashine? Kwa bei gani? Na hadi leo umekuwa ukigawaje?

SindanoNaUzi: Mashine peke yake 720 na kodi. Mafunzo peke yake 480. Kuhusu kugawa, ni suala la ndani.

Mzee_wa_Leja: Sawa, basi hatuwezi kukusaidia.

SindanoNaUzi: Haya. Mashine 180, mafunzo 720. Lakini jasho langu liko kwenye kufundisha! Mashine naipitisha tu.

KijanaWaLejista: 720 kwenye mafunzo unayouza 480? Ofa ya kupandisha bei, leo nimeiona 😂

Mzee_wa_Leja: Jasho halihesabiwi hapo. Tazama bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake: 720 na 480, jumla 1,200. Kifurushi ni 900, yaani robo tatu. Kila upande ubebe punguzo lake: mashine 540, mafunzo 360. Ndani ya 540 kodi ni 540 × 20/120, yaani 90. Usizidishe kwa asilimia 20, maana kodi tayari imo ndani. Wewe umelipa 180 × 20/120, yaani 30. Unadaiwa 60 kwa kila kifurushi. Mashine unainunua kwa kiasi gani?

SindanoNaUzi: 400, na kodi 80 juu yake. Hiyo 80 naidai kwenye ritani.

Mzee_wa_Leja: Basi hapo ndipo utakapoonekana. Kila mashine unadai 80 na kulipa 30. Duka linalouza kila siku na kila mwezi linadai kurudishiwa kodi: mkaguzi hahitaji hata kufungua mafaili. Na ukivimbisha mafunzo yaliyosamehewa, sehemu ya kodi iliyotozwa juu ya pango unayoruhusiwa kudai nayo inapungua. Umetoa ankara ngapi?

SindanoNaUzi: 35.

BibiHesabu: 2,100. Mungu anaona.

KijanaWaLejista: Ngojeni kidogo. Hesabu zote zinagawanyika bila hata senti kubaki? 900 ya sarafu gani? Huyu ni mwanafunzi, tunamfanyia mtihani.

ChaiYaSaaNne: Hata mimi nilishtuka. Cherehani gani hiyo, dada?

SindanoNaUzi: Nimekata sifuri na kusawazisha ili nisijulikane. Mtihani hauji dukani ukiwa umebeba mashine kwenye kanga! Mteja amerudisha juzi, sanduku halina kifuniko, bobini bado ina uzi mwekundu wa somo la pili. Anataka pesa ya mashine. Nikamwambia risiti inasema 180. Akanyoosha kidole rafuni, kwenye kibandiko cha 720, akasema ataipeleka risiti ofisi ya kodi.

KijanaWaLejista: Bobini imenishinda. Naomba radhi.

Mzee_wa_Leja: Ungeanza na hilo. Fungua ankara zote 35, toa kredit noti na ankara mpya ya 540 na 360, urekebishe ritani kabla hujaitwa. Wateja hawaongezi kitu. Hiyo 2,100 inatoka mfukoni mwako, na huenda na riba. Andika pia karatasi moja inayoonyesha bei za peke yake ulizotumia, na tarehe yake.

SindanoNaUzi: Na mteja? Nilifikiri nimpe 180 yaishe.

BibiHesabu: Bado tu!

Mzee_wa_Leja: Kama mlikubaliana mashine inaweza kurudi, ni 540. Masomo sita aliyobakiza, 270, yanategemea mlivyoandikiana.

SindanoNaUzi: Hatukuandikiana.

ChaiYaSaaNne: Mpe masomo mengine abaki na mashine?

SindanoNaUzi: Yuko mlangoni. Narudi.