Tupeane uzoefu: kumlipa keshia zaidi ya bei ya mtaa ili asiibe wala asihame

MwenyeGodauni: Wenye maduka ya jumla, tuseme keshia mtaani analipwa laki tatu kwa mwezi. Nikimpa laki nne, nimelinda mali au nimetupa pesa? Leteni mnayoyajua.

Shibe: Unalinda. Anayelala njaa ataibia tu, aliyeshiba hana sababu.

Mizani77: Shibe, hilo ni nusu tu, maana wapo walioshiba na bado wanaiba. Kinachomzuia ni kile atakachopoteza akifukuzwa. Hapa anapoteza laki moja ya ziada kila mwezi, kwa sababu kwingine atarudi kwenye laki tatu. Kama alitarajia kukaa mwaka mzima, hiyo ni milioni 1.2. Sasa tuseme anaweza kuchota 150,000 kwa mwezi. Ukihesabu stoku kwa nadra, uwezekano wa kumnasa mwezi huo ukawa 1 kwa 20, hofu yake ina thamani ya milioni 1.2 gawa kwa 20, yaani 60,000 tu, na ataiba. Hesabu kila wiki bila kutangaza siku, uwezekano ukafika 1 kwa 4, hofu inakuwa 300,000. Hapo kuiba hakumlipi. Nyongeza bila ukaguzi ni hasara tupu.

Dada Risiti: Na shoti ikitokea, hakikisha ni yake. Droo moja ikiguswa na watu watatu, utamfukuza asiye na kosa, na waliobaki wataona uaminifu hauwalindi. Kila zamu iwe na droo yake, na makabidhiano yasainiwe na wote wawili.

Bwana Zamu: Mimi mlinzi wa getini. Tajiri anailipa kampuni ya ulinzi vizuri, mkononi kwangu inafika bei ile ile ya mtaa. Nidai kwa nani?

Mizani77: Ndugu, hilo ni dai la mkataba wako na kampuni. Ila tajiri asikie: ziada isiyofika mkononi mwako hainunui uaminifu wako.

Mzee wa Karakana: Msisahau kuhama. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford, Highland Park, kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na kama 14,000. Januari 1914 wakatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, kutoka kama 2.34 kwa siku ya saa 9, na kuhama kukashuka sana. Lakini karibu nusu ya hizo 5 ilikuwa gawio lenye masharti, na wakaguzi walifika hadi majumbani. Hilo la majumbani silipendi hata kidogo.

MwenyeGodauni: Na keshia aliyebakiza miezi miwili ya mkataba?

Mizani77: Huyo ndiye mgumu. Ziada iliyobaki ni laki mbili. Kwa 1 kwa 4, hofu ni 50,000. Wengine huweka sehemu ya ziada ilipwe siku ya kuondoka.

Dada Risiti: Akiamini kwamba tajiri atailipa. Wengi hawaamini, na wana sababu.